Kubanwa Mara Mbili

Kila video inayopandishwa YouTube hubanwa upya. Hata kama faili limeandaliwa kwa ustadi mkubwa, mitambo ya huko hulifungua na kutengeneza matoleo yake yenyewe, kuanzia lile dogo la 144p kwenda juu, na hayo ndiyo anayoyaona mtazamaji. Faili lililotumwa halimfikii. Kwa hiyo anayehariri video hatayarishi kitu cha kutazamwa, bali malighafi ya kubanwa tena, na malighafi hiyo ina masharti yake.

Chukua video ya harusi ya dakika 10, iliyopigwa kwa simu ukumbini usiku, 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Taa za rangi zinazunguka, gauni la bibi harusi limejaa shanga zinazometameta, na moshi unapanda jukwaani. Ni picha chache zinazoitesa kodeki kama hii, kwa sababu karibu kila kitu hubadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Mhariri akiitoa kwa megabiti 2 kwa sekunde ili kuokoa bando, atapata faili la megabaiti 150 hivi. Akilitazama kwenye skrini ndogo ya simu, anaweza kuridhika nalo.

Uharibifu, hata hivyo, umeshaanza. H.264 huigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. Biti zinapopungua, kila mraba hurahisishwa peke yake, na mipaka kati ya jirani na jirani huanza kuonekana, hasa kwenye moshi na kwenye kuta zenye giza. Faili hilo likifika YouTube, huenda likabanwa kwa VP9, ambayo miraba yake mikubwa hufika pikseli 64 kwa 64 na hugawanywa kwa namna nyingine. Kodeki ya pili haina njia ya kujua kwamba ile mipaka ni kosa la kodeki ya kwanza. Inaiona kama sehemu ya picha, ukingo halisi unaostahili kuhifadhiwa, na inatumia biti zake kuilinda. Biti hizo zingekwenda kwenye uso wa bibi harusi. Matokeo yake ni shanga zilizogeuka uji na moshi uliokatika ngazi ngazi.

Mwongozo wa YouTube wenyewe unapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080p ya fremu 24 hadi 30, na 12 kwa fremu 48 hadi 60. Kwa harusi yetu hiyo ni kama megabaiti 600. Hicho si kikomo: YouTube haikatai faili zito zaidi, na video yenye moshi na shanga inastahili kuzidi hapo. Njia bora ni kuacha kupanga kasi ya biti na badala yake kupanga ubora, ili sehemu ngumu zipewe biti nyingi na hotuba ya mjomba aliyesimama tuli ipewe chache. Katika programu ya x264 kipimo hicho huitwa CRF. Kawaida yake ni 23, na namba ikishuka ubora hupanda. Ukishuka kwa 6, faili huongezeka ukubwa karibu mara mbili. Kwa kupandisha, 17 ni chaguo zuri:

```
ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -preset slow \
  -crf 17 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 384k \
  -movflags +faststart harusi.mp4
```

Idadi ya fremu haikuguswa hapo, na hilo ni la makusudi. Kilichopigwa kwa fremu 30 kibaki 30.

Kama kazi ni kukata mwanzo na mwisho tu, hakuna haja ya kubana upya kabisa. Chaguo la `-c copy` hunakili picha na sauti zilivyo, ingawa mkato huanzia kwenye fremu kuu iliyo karibu, si lazima pale pale palipotakiwa. Na kama hakuna kilichohaririwa, lipandishwe faili la simu lenyewe.

Matokeo yakiwa mabaya, kosa linaweza kutafutwa. Kwanza isubiriwe video imalize kuchakatwa, kwani YouTube huanza na matoleo ya ubora wa chini na yale ya HD hufuata baadaye. Kisha fremu ile ile isimamishwe mahali patatu: kwenye video asilia, kwenye faili lililotolewa, na YouTube. Miraba ikionekana tayari kwenye faili la kati bila kuwapo kwenye video asilia, mipangilio ya mhariri ndiyo ya kurekebishwa. Isipokuwapo kwenye faili la kati, imetokana na YouTube, na mhariri hana la kufanya zaidi ya kujaribu kupandisha kwa 1440p, ambayo kwa kawaida hupewa biti nyingi zaidi na VP9.

Kilichopotea hakirudishwi kwa CRF ndogo. Klipu iliyopita WhatsApp kama video ya kawaida imeshabanwa kabla mhariri hajaigusa, na kuitoa kwa megabiti 20 ni kuhifadhi kasoro zake kwa uaminifu. Anayeletewa klipu ya namna hiyo amwombe mpigaji aitume tena kama dokumenti, kabla hajaifuta kwenye simu.