Saa Zinazohesabika Katika Mkataba wa Huduma za Kompyuta

Muda wa kuitikia hautathminiki kabla ya kusoma kifungu cha fasili, kwani ndicho kinachoeleza saa zipi zinahesabiwa. Mkataba unaweza kumtaka mtoa huduma aitikie ndani ya saa 4 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Hitilafu ikiripotiwa Ijumaa saa 10:30 jioni na kuitikiwa Jumatatu saa 4 asubuhi, zimehesabika saa 2 na nusu tu. Hapo hakuna adhabu. Kuitikia, tena, si kutengeneza: muda wa utatuzi hunukuliwa kando. Adhabu yenyewe mara nyingi imo kwenye kiambatisho, ikiwa punguzo la ankara lenye kikomo, na mteja asiyelidai mapema huweza kulikosa.