Kabla ubonyeze ‘tuma’: hesabu ya M-Pesa sokoni Chwele

Tuseme uko Chwele, kaunti ya Bungoma, na umebargain gunia la vitunguu hadi ukafika 2,500. Muuzaji hana kichenji, wewe huna keshi. Anakupa namba halafu anasema ile sentensi unayoijua: “Tuma na ya kutoa.”

Wengi hapa hujumlisha haraka. Kutoa 2,500 kwa wakala ni shilingi 29, kwa hivyo unaandika 2,529 na kubonyeza. Hapo ndipo pesa zinakutoka bila wewe kujua. Ada za M-Pesa hupanda kwa ngazi, na kulingana na bei zilizoanza Julai 2023, ngazi moja inaishia pale pale kwa 2,500. Kutuma 2,500 unakatwa 33. Ukituma 2,529 umevuka ngazi, unakatwa 53. Umelipa bob 20 zaidi kwa sababu ya hizo 29.

Dawa yake ni rahisi. Tuma 2,500 kwanza, kisha tuma 29 peke yake. Kutuma shilingi 100 kushuka chini ni bure kabisa. Muuzaji atapata zile zile 2,529, na akitoa 2,500 anabaki na sifuri, vile mlivyokubaliana. Na kama ana till ya Lipa na M-Pesa, afadhali ulipe huko, maana hapo mnunuzi hakatwi chochote. Ada ni ya mwenye biashara.

Upande wa kutoa, mchezo unageuka. Ukitoa 200 unakatwa 29, na ukitoa 2,500 pia unakatwa 29. Kwa hivyo ule mtindo wa kutoa mia mbili asubuhi, mia tatu jioni, ni ghali kupindukia: mara tano za mia tano ni shilingi 145, wakati ungetoa mara moja ungelipa 29. Lakini angalia usiruke juu ya 2,500 bila sababu, maana 2,600 inakatwa 52.

Sasa turudi kwa muuzaji, kwa sababu yeye ndiye hulengwa na wakora. Siku ya soko imejaa, simu inalia mfukoni, meseji inasema umepokea 2,500. Dakika mbili baadaye mtu anapiga, sauti ya unyonge: “Samahani dadangu, nimekosea namba, hiyo ilikuwa ya hospitali, nirudishie.”

Usimrudishie kitu. Kwanza angalia meseji imetoka wapi. Ya kweli huja kwa jina MPESA, katika ule uzi mmoja na meseji zako za zamani. Ikiwa imetoka kwa namba ya kawaida ya simu, hiyo ni meseji mtu amejiandikia. Halafu usiamini salio lililoandikwa ndani ya meseji. Angalia salio mwenyewe kwa kupiga:

```
*334#
```

Na je, ukikuta pesa kweli zimeingia? Hapa ndipo wajanja wengi huanguka, kwa sababu wana roho nzuri. Ukimtumia mwenyewe 2,500, naye awe tayari ameomba Safaricom irudishe muamala ule wa kwanza, unaweza kukatwa mara mbili: ulizotuma wewe, na zitakazovutwa kutoka kwa akaunti yako. Mwambie hivi tu: “Peleka ile meseji kwa 456, Safaricom watarejesha.” Wewe usiziguse. Mtu aliyekosea kweli hatapata hasara kwa kufuata njia hiyo. Akianza kukufokea, basi umeshajua ni nani.

Na ukiwa ni wewe uliyekosea namba, njia ni hiyo hiyo: forwadi meseji ya M-Pesa kwa 456 mara moja, bila hata kusubiri kufika nyumbani. Haraka ina maana hapa, kwa sababu pesa zikiwa bado zimelala kwa yule mwingine zinaweza kuzuiliwa. Akishazitoa au kuzitumia, Safaricom hawana cha kurudisha, na inabaki kumbembeleza. Ndiyo maana jina linapotokea kwenye skrini, lisome kwa sauti mbele ya muuzaji kabla ya kukubali. Anayeuza vitunguu huwa halichukii swali la “Hili ni jina lako?”

Kuna simu nyingine ya kujua: anayejiita mhudumu wa Safaricom na kuomba namba yako ya siri, au kukuelekeza ubonyeze hiki na kile ili “akurekebishie laini”. Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000, na hata huko hakuna anayehitaji namba yako ya siri. Kata simu, kisha tuma namba ya huyo tapeli kwa 333. Ni bure.