Jicho la rafiki kwenye taa ya njano

Ubongo wa kijana anayebalehe hukomaa kwa mwendo wa aina mbili. Mfumo unaopokea raha na thawabu, wenye kitovu katika striatamu iliyo ndani kabisa ya ubongo, huchangamka mapema, balehe inapoanza, na dopamini huupa nguvu ambayo utotoni haukuwa nayo. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kujijenga hadi baada ya umri wa miaka 20. Viunganishi vya neva visivyotumika hupunguzwa, na nyuzi zinazobaki huvikwa mayelini, utando wa mafuta unaoharakisha mawasiliano. Kwa miaka kadhaa, basi, hamu huwa imeshafika na breki bado ziko njiani.

Maelezo hayo yanafahamika sana, lakini yanaacha jambo moja bila jibu. Kijana yuleyule anayeendesha gari kwa utulivu akiwa peke yake huendesha kama aliyepagawa akiwa na wenzake. Ubongo wake haukupungua umri kati ya safari hizo mbili. Laurence Steinberg, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, ameshughulikia swali hilo kwa muda mrefu kuliko watafiti wengi, na msimamo wake ni kwamba jibu limo katika yule anayetazama.

Mwaka 2005, yeye na Margo Gardner walichapisha utafiti uliohusisha watu 306 wa makundi matatu: wenye miaka 13 hadi 16, wenye 18 hadi 22, na wenye 24 na zaidi. Wote walicheza mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine mbele ya wenzao wa rika lao. Waliocheza peke yao hawakutofautiana sana, wakubwa kwa wadogo. Mbele ya wenzao, vijana wadogo walijihatarisha takriban mara mbili zaidi, wale wa kundi la kati waliongeza kwa kiasi, na watu wazima hawakubadilika.

Utafiti uliofuata, ulioongozwa na Jason Chein akiwa na Steinberg na kuchapishwa mwaka 2011, uliupeleka mchezo ndani ya mashine ya MRI. Mchezaji hulala chali, kichwa kikiwa ndani ya mashine, na mbele yake huonekana barabara yenye makutano 20. Kazi yake ni kufika mwisho haraka iwezekanavyo, na akiwahi hulipwa zaidi. Kwenye makutano, taa hugeuka njano. Akipita salama hapotezi muda wowote. Akikanyaga breki hupoteza takriban sekunde 3. Akipita na kugongwa hupoteza takriban sekunde 6.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Adhabu ya kugongwa ni maradufu ya gharama ya kusimama, kwa hiyo kupita kuna faida pale tu uwezekano wa kugongwa unapokuwa chini ya nusu. Ukifika nusu, katika kila makutano mawili mchezaji atagongwa mara moja na kupoteza sekunde 6, sawasawa na ambaye angesimama mara zote mbili. Mchezaji hajui uwezekano huo ni kiasi gani. Lazima akisie, tena taa ikiwa tayari imegeuka. Hakuna jibu moja lililo sahihi, na kwa sababu hiyo mchezo hupima tabia kuliko ujuzi.

Kila mchezaji alikuja na marafiki wawili. Alicheza katika hali zote mbili: akijua yuko peke yake, na akijua marafiki wanamtazama. Na hapa kuna jambo la kushangaza kuliko yote: marafiki hao hawakuwa kando yake. Walikuwa chumba kingine, wakiufuatilia mchezo kwenye skrini, na walimjulisha kwa kipaza sauti kwamba wanamwangalia. Hakukuwa na bega la kusukumana nalo wala uso wa kuusoma. Hata hivyo, wenye miaka 14 hadi 18 walipita taa nyingi zaidi na kugongwa mara nyingi zaidi wakitazamwa kuliko wakiwa peke yao, na striatamu zao zilionyesha msisimko mkubwa zaidi. Watu wazima walitumia sehemu ya mbele ya ubongo kwa kiwango kilekile, watazamwe wasitazamwe.

Steinberg anasoma matokeo hayo hivi: rafiki hazimi breki, bali huufanya mfumo wa thawabu uzidi kuchangamka, na kila kinachong'aa kikang'aa zaidi. Ushawishi wa maneno hauhitajiki. Tafsiri hiyo inavutia, ingawa ina mipaka miwili. Kila kundi lilikuwa na watu wasiofika 15, idadi ndogo kwa picha za ubongo. Tena striatamu huamka kwa mambo mengi, kwa hiyo kuamka kwake peke yake hakuthibitishi kwamba kijana alihisi raha.

Kwa nini jicho la rafiki liwe na nguvu kiasi hicho? Hapa ndipo suala la utambulisho linapoingia. Erik Erikson aliuona ujana kuwa wakati wa kujijenga nafsi kwa kujipima katika macho ya wengine. Mwaka 2013 Leah Somerville na wenzake walionyesha jinsi jambo hilo linavyotokea ndani ya ubongo. Waliwaambia watu 69, wa umri wa miaka 8 hadi karibu 23, kwamba kamera ikiwaka, mwenzao wa rika lao anawaona. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mtu yeyote anayetazama. Kamera ilipowaka, vijana wa umri wa kati waliona haya zaidi, ngozi zao zilitoa jasho zaidi, na eneo la kati la sehemu ya mbele, linalotumika mtu anapojifikiria, lilishtuka na kuwasiliana zaidi na striatamu. Kwa hiyo njia inayobeba swali la "mimi ni nani" inagusana na njia inayobeba hamu. Je, wepesi huo wa kuguswa na jicho la mwenzake ni kasoro ya ujana, au ndicho kifaa chenyewe cha kujenga nafsi? Vipimo hivi haviwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Steinberg hakuyaacha matokeo maabara. Alikuwa mwanasayansi mkuu katika waraka ambao Chama cha Saikolojia cha Marekani kiliuwasilisha mahakamani katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, ambayo mwaka 2005 ilifuta adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Jaji Antonin Scalia alipinga akikumbusha kwamba chama hichohicho kiliwahi kudai vijana wana uwezo wa kuamua wenyewe kuhusu kutoa mimba. Jibu la Steinberg ni kwamba kuna ukomavu wa aina mbili. Uwezo wa kufikiri kwa utulivu, bila haraka, hufikia kiwango cha mtu mzima karibu na miaka 16. Uwezo wa kujizuia wakati wa joto la moyo na macho ya wenzake huchelewa kwa miaka kadhaa. Utafiti wa watu zaidi ya 5,000 katika nchi 11, Kenya ikiwemo, uliunga mkono mgawanyo huo kwa ujumla, ingawa mchoro haukuwa sawa kila nchi. Hatari za maisha halisi zilitofautiana zaidi, kwa kuwa kijana asiye na gari wala pombe karibu hana pa kujihatarishia kwa namna hiyo.

Mwaka 2016 Karol Silva, Chein na Steinberg walijaribu kuona kama uwepo wa mwingine unaweza pia kumtuliza kijana. Waliwaweka wanaume wa miaka 18 hadi 22 katika vikundi vya wanne. Vikundi vya rika moja vilijihatarisha zaidi kuliko watu waliopimwa peke yao. Pale mmoja wa wanne alipokuwa mtu wa miaka 25 hadi 30, ongezeko hilo lilitoweka. Jeshi la Marekani lilifadhili kazi hiyo, likitaka kujua namna ya kupanga askari wachanga. Wasichana, na wavulana wa miaka 15, hawakuwamo.