Ufunguo Haukutoka, Fedha Zikaondoka

Tarehe 21 Februari 2025, soko la sarafu za kidijitali la Bybit, lenye makao makuu Dubai, liliibiwa etha zaidi ya 400,000 pamoja na tokeni nyingine za jamii hiyo. Thamani yake siku ile ilikaribia dola bilioni 1.5. Mali hiyo ilikuwa kwenye hifadhi ambayo funguo zake hukaa nje ya mtandao, na waliotia saini walitumia pochi za kifaa za kampuni ya Ledger. Wezi hawakuhitaji kuiba hata ufunguo mmoja.

Ili kuelewa jambo hilo linawezekanaje, tuanze na kazi ya kifaa chenyewe. Pochi ya kifaa ni kidude kidogo, nyingi zikiwa na ukubwa wa flashi, chenye chipu, skrini na vitufe viwili vitatu. Trezor, iliyotengenezwa Praha katika Jamhuri ya Cheki, ilianza kuuzwa mwaka 2014; Ledger ya Ufaransa ikafuata. Ndani yake hamna sarafu. Sarafu ni maandishi katika daftari la umma linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani, na daftari hilo hukubali kuhamisha mali pale tu linapoletewa saini iliyotengenezwa kwa ufunguo wa siri wa mwenye mali. Ufunguo huo ni namba kubwa mno. Anayeijua ndiye mwenye fedha, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Ukikosea namba kwenye M-Pesa unaweza kuomba muamala urudishwe. Hapa hakuna wa kuombwa.

Hatari ya kuweka namba hiyo kwenye simu au kompyuta iko wazi: programu hasidi ikiingia, huisoma na kuituma kwa mwizi. Pochi ya kifaa huzuia hilo kwa kuhakikisha kwamba namba inazaliwa ndani ya chipu na haitoki humo. Siku ya kwanza unapoiwasha, kifaa huzalisha namba ya bahati nasibu na kukuonyesha kwenye skrini yake kwa sura ya maneno 12 au 24, yaliyochaguliwa kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048. Unayaandika kwenye karatasi. Kifaa kikipotea au kikiungua, unanunua kingine, hata cha kampuni tofauti inayofuata utaratibu huohuo, unaingiza maneno yale kwa mpangilio wake, na funguo zako zote zinarudi.

Sasa tuseme unataka kumtumia mtu bitikoini 0.05. Kompyuta yako huandaa muamala: sarafu zinatoka wapi, zinakwenda anwani gani, ada ni kiasi gani. Muamala huo, ukiwa bado hauna saini, hupita kwenye kebo kuingia kwenye kifaa. Kifaa huandika anwani na kiasi kwenye skrini yake na kukusubiri. Ukibonyeza kukubali, chipu hukokotoa saini na kuirudisha kwenye kompyuta, nayo huitangaza mtandaoni. Kilichotoka ni saini peke yake, na hesabu haimruhusu mtu kuitazama saini akaupata ufunguo. Hata kompyuta iliyojaa virusi haina cha kusoma.

Ndiyo maana skrini ile ndogo ina uzito kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifaa. Kuna programu hasidi ambazo kazi yake ni kubadilisha anwani uliyoinakili, ukaibandika ya mwizi bila kujua. Skrini ya kifaa itakuonyesha anwani inayosainiwa kweli. Lakini angalia mtego uliopo: ikiwa anwani ilishabadilishwa kwenye kompyuta, basi kompyuta na kifaa vitaonyesha anwani moja, ile ya mwizi, na wewe utaridhika kwamba zinafanana. Kulinganisha skrini hizo mbili hakutoshi. Anwani ithibitishwe kwa njia nyingine: mpigie mpokeaji simu, akusomee herufi za mwanzo, za kati na za mwisho, nawe ukitazama kifaa.

Turudi Dubai. Wizi wa Bybit ulipita kwenye ufa huohuo, kwa ustadi mkubwa zaidi. Hifadhi yao ilidai saini za watu kadhaa, na kila mmoja alifungua ukurasa wa huduma iitwayo Safe ili kuona muamala kabla ya kuusaini. Wadukuzi, ambao FBI ya Marekani iliwataja kuwa wa Korea Kaskazini, walikuwa wamepenya kwenye mashine ya mtengenezaji programu mmoja wa Safe na kubadilisha msimbo wa ukurasa huo. Ukurasa ukawaonyesha wasaini uhamisho wa kawaida wa fedha. Kilichopelekwa kwenye vifaa vyao kilikuwa agizo jingine, la kubadilisha mkataba mahiri unaoiongoza hifadhi nzima na kuukabidhi kwa wezi.

Vifaa havikudanganya. Tatizo ni kwamba uhamisho wa kawaida husomeka, lakini agizo linalokwenda kwenye mkataba mahiri mara nyingi hutokea kwenye skrini kama mfululizo wa herufi na tarakimu usioeleweka na binadamu. Wasaini waliamini ukurasa, wakabonyeza. Wahusika wa fani hii huita tendo hilo kusaini upofu. Kwenye Ledger, programu ya etha huja ikiwa imelifunga, na mtumiaji ndiye hulifungua kwa hiari yake kwa sababu huduma nyingi hazifanyi kazi bila hilo.

Ufa mwingine ni yale maneno 24. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, zikiwemo anwani za makazi na namba za simu za watu wapatao 272,000. Vifaa vilibaki salama, lakini wezi wakapata orodha ya watu wa kuwaandama. Baadhi ya wateja walipelekewa kwa posta vifaa bandia vyenye barua inayowaagiza waingize maneno yao. Anayeyaingiza humpa mwizi kila kitu, na chipu yake halisi iliyomo kabatini haina la kufanya. Hakuna kampuni ya kweli inayokuomba maneno hayo, iwe kwa barua, simu au tovuti. Pia kifaa kinacholetwa kikiwa tayari na maneno yaliyoandikwa kwenye kadi ni cha kutupa, kwani aliyeyaandika anazo funguo zako.

Kifaa kikiibwa chenyewe, namba ya siri humchelewesha mwizi. Ledger hujifuta baada ya makosa matatu. Hata hivyo, Januari 2020 maabara ya usalama ya Kraken ilionyesha kwamba mtaalamu mwenye Trezor za wakati huo mkononi angeweza, kwa kuvuruga umeme wa chipu, kutoa siri iliyomo ndani kwa takriban dakika 15. Kinga ilikuwa kuongeza neno la siri ambalo halihifadhiwi kwenye kifaa. Na dhidi ya mtu mwenye silaha hakuna chipu inayosaidia: Januari 2025 David Balland, mmoja wa waasisi wa Ledger, alitekwa nyara Ufaransa na kukatwa kidole ili fidia ilipwe.

Bybit ilikopeshwa na wenzake sokoni, ikaziba pengo ndani ya siku chache. Wewe hutapata wa kukukopesha. Skrini ya kifaa chako ikikuonyesha usichoweza kukisoma, bonyeza kukataa.