Hasara Isiyokuwa Hasara: Fowadi na Bei ya Mashine

Tuchukue kiwanda cha unga Morogoro. Tarehe 1 Oktoba kinaagiza mashine ya kufungashia kutoka Italia kwa yuro 200,000, zitakazolipwa mashine ikifika, tarehe 31 Machi. Mwenye kiwanda anaogopa shilingi isije ikashuka, hivyo siku hiyohiyo anafunga na benki mkataba wa fowadi: Machi atauziwa yuro hizo kwa shilingi 2,900 kila moja. Bei imeshikika, shilingi milioni 580.

Kumbe shilingi inapanda. Siku ya kufunga hesabu, 31 Desemba, fowadi mpya za kuiva Machi zinauzwa kwa 2,800. Kiwanda kimejifunga kununua kwa bei ya juu zaidi, na mkataba wake, kwa hesabu nyepesi, umepoteza shilingi milioni 20. Kanuni ya kawaida inataka hasara hiyo iingie papo hapo kwenye taarifa ya faida na hasara. Mashine yenyewe bado haimo vitabuni, kwa hiyo hakuna cha kuipoza. Wenye hisa wataona mwaka mbaya, ilhali mwenzao aliondoa hatari, hakuongeza.

Ndipo uhasibu wa kinga unapofaa. Kiwango cha kimataifa namba 9, kinachotumika tangu 2018, kinaruhusu zile milioni 20 zipitie mapato mengine jumuishi na kusubiri ndani ya mtaji, katika akiba ya kinga. Machi inafika, yuro iko 2,750, na hasara ya mkataba imefika milioni 30. Mashine kwa bei ya siku ni milioni 550. Mhasibu anaitoa ile milioni 30 kwenye akiba na kuiongeza kwenye gharama ya mashine: 580, bei ileile ya Oktoba. Mashine ikikadiriwa kudumu miaka 10 bila thamani ya masalio, uchakavu utakuwa milioni 58 kwa mwaka. Hasara imekwenda kukaa inakostahili, kwenye gharama ya kitu kilichonunuliwa.

Lakini ruhusa hii ina karatasi yake, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kinga huandikwa mwanzoni: fowadi ipi, ununuzi upi, hatari gani, kiasi gani, na ufanisi utapimwaje. Mhasibu anayeiandika Januari, baada ya kuona hasara, amechelewa. Haiwezi kurudishwa nyuma hadi Oktoba.

Kiasi nacho huangaliwa. Kama fowadi ingekuwa ya yuro 250,000, zile 50,000 za ziada zisingekuwa na mashine ya kukinga, na mabadiliko ya thamani yake yangeingia moja kwa moja kwenye faida na hasara. Na Mwitaliano akivunja oda Februari, ikawa wazi kwamba ununuzi haupo tena, kilichomo kwenye akiba huhamia faida na hasara mara moja. Benki, kwa upande wake, itaendelea kudai shilingi zake tarehe 31 Machi.