Sikio la Babu kwenye simu ya video

Familia ikikutana sikukuu, sahani zikishaondolewa, lazima atafutwe mtu wa kuwachekesha watu. Siku hizi kisa kinachoombwa sana ni cha babu na simu janja. Wengi wanacho, ila wengi hukiharibu: wanaorodhesha makosa ya mzee moja baada ya jingine, na mwishoni mzee ametoka mjinga, naye amekaa palepale anasikia. Kisa kizuri huenda kinyume chake. Kinachukua kosa moja tu, na kinamwonyesha babu akifikiri sawasawa kwa yale anayoyajua, huku simu ikiwa ndiyo yenye vituko.

Tuchukue kisa kimoja cha kubuni, kizima, kama kinavyoweza kusimuliwa kwa dakika nne hivi.

Babu yetu wa Muheza aliletewa simu janja na binti yake anayeishi Dar es Salaam. Kabla ya hapo alikaa na kitochi miaka mingi, na kitochi kilimfundisha sheria moja: simu ikiita, inakwenda sikioni. Wiki nzima simu mpya iliifuata sheria hiyo bila ubishi. Jumapili Babu katoka kwenye michungwa yake, kaketi barazani na singlendi, simu ikaita. Safari hii ilikuwa simu ya video. Kule Dar wakwe wamekuja kutembea, sebule imejaa, simu imeegemezwa kwenye jagi la maji ili wote wamwone mzee. Babu akapokea, akaiweka sikioni.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu! Leo sauti yako imenona!" Ilikuwa kali mno, akaisogeza simu nje kidogo.

"Baba, tunaona sikio."

Babu akanyamaza. "Sikio lina nini?"

"Halina kitu, baba. Ila ndilo tunaloliona."

"Wewe na nani?"

"Sote, baba. Na wakwe wapo."

Babu akamwita mjukuu alete maji na sabuni. Akalisugua sikio mbele na nyuma, akarudi kwenye simu. "Na sasa?"

"Bado ni sikio, baba!"

"Mbona limeshatakata? Ngoja." Akahamisha simu upande wa pili. "Na hili la kushoto, je?"

Mkwe mkubwa, kwa heshima zake zote, akasema, "Mzee mwenzangu, hilo nalo ni zuri. Lakini tulitaka kukuona wewe."

"Mtanionaje, na nyinyi mko Dar?"

"Itazame simu, baba!"

Akaishusha. Loo! Ukoo mzima umejaa kwenye kioo, wanampungia mikono. Babu akafurahi, akawasalimu mmoja mmoja. Kisha akaona kwenye kona kijidirisha kidogo, na ndani yake mzee wa singlendi, povu limemgandia shavuni.

"Na huyu mzee aliyejibanza pembeni, mbona hamumkaribishi?"

Mjukuu akasema taratibu, "Babu, huyo ni wewe."

Babu akamtazama yule mzee kwa muda. Kisha akairudisha simu sikioni. "Afadhali muendelee na sikio."

Kisa kinaishia hapo. Tazama sasa kinavyosimama. Hakuna anayesema uongo wala upuuzi. Binti anasema kweli, wanaona sikio. Babu naye anauliza swali la haki, kwani mtu akikwambia mbele ya wakwe kwamba anaona sikio lako, utadhani lina uchafu. Kila jibu la kweli linazidi kumpoteza, na hapo ndipo kicheko kinapojijenga chenyewe bila msimulizi kulazimisha.

Simu nayo imetendewa haki, na hilo ni muhimu kwa sababu vijana waliomo sebuleni wanazijua simu. Simu janja ina kihisi karibu na spika ya juu. Katika simu ya kawaida, ukiiweka sikioni kihisi hicho huzima kioo ili shavu lisibonyeze kitu. Kwa hiyo wiki nzima Babu hakuona dalili yoyote kwamba anakosea. Simu ya video hufanya mambo tofauti: kioo hubaki kinawaka, kamera ya mbele inafanya kazi, na sauti hutokea kwenye spika kubwa. Ndiyo maana Babu aliona sauti imenona. Ndiyo maana pia tumemfanya aisogeze simu nje kidogo. Angeibana kabisa, kamera ingeona giza tu, na wakwe wasingepata sikio la kuangalia. Kijidirisha cha pembeni nacho kipo kweli, kinamwonyesha mpigaji sura yake mwenyewe. Ukibuni jambo ambalo simu haiwezi kulifanya, mtoto wa miaka 10 atakukatiza na kisa kitakufa.

Katika kusimulia, usifiche kwamba simu ni ya video. Wasikilizaji wajue kabla ya Babu, maana utamu wao ni kumsubiri agundue. Wazee waliomo wasiojua simu hizo waelezewe kwa sentensi moja mapema, kama ile ya sebule iliyojaa na simu kuegemezwa kwenye jagi, halafu usirudi tena kueleza. Weka kiganja sikioni tangu Babu anapopokea, usikishushe hata unaposema maneno ya binti. Kiganja kikishuka mara ya kwanza pale Babu anapoambiwa aitazame simu, watu watahisi mabadiliko bila kuambiwa. Kabla ya sentensi ya mwisho, nyamaza, rudisha kiganja sikioni polepole, ndipo useme. Watu wakicheka usiongeze neno.

Nani asimulie? Katika jamii nyingi za Tanzania babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo mjukuu ndiye mwenye ruhusa. Mkwe akikisimulia kisa hicho hicho, hata kwa nia njema, kinaweza kuonekana kukosa adabu. Ndiyo maana pia ndani ya kisa mkwe hacheki wala hakejeli. Anasifu sikio la kushoto kwa upole, na upole huo ndio unaochekesha.

Yapo ya kuepuka. Kichekesho cha mzee kugombana na yule dada wa "namba unayopiga haipatikani" kimechoka, kila ukoo umeshakisikia. Cha mzee kutuma pesa kwa mtu asiyemjua usikiguse. Ujumbe wa matapeli wa kutaka "ile hela" itumwe kwenye namba nyingine umewaliza wazee wengi kweli, na huenda mmoja wao kaketi mbele yako. Epuka pia kumfanya babu apige kelele na kutukana. Mzee anayefikiri kwa utulivu na kufikia uamuzi usio sahihi huchekesha zaidi kuliko mzee mkali.

Na neno la mwisho la kisa liwe lake daima. Sheria hii ndiyo inayotenganisha utani na dhihaka. Babu wa Muheza hakushindwa na simu; alijiona mara moja, akapima, akaamua sikio linatosha. Kama babu yako yupo hai na kisa unachotaka kusimulia kilimtokea kweli, mwombe ruhusa kabla ya siku yenyewe. Akikataa, mpe babu wa kisa chako kijiji kingine, shamba jingine na wakwe wengine. Akikubali, mwache amalizie yeye.