Konea Inapochongoka

Kijana wa kidato cha tatu anapimwa macho, anapewa miwani. Muhula haujaisha, maandishi ya ubaoni yanavurugika tena. Anapimwa upya na namba imebadilika. Wazazi humlaumu fundi wa miwani, au simu. Lakini kijana wa umri huo, tena anayefikicha macho kila mara kwa sababu ya mzio, anafaa kuchunguzwa kama ana keratokonasi.

Ugonjwa huu hushika konea, sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho. Konea nzima ina mviringo laini na unene wa karibu mikroni 540, zaidi kidogo ya nusu milimita. Ikiugua hukonda na kulegea, kisha hutokeza nje na kuchongoka. Mwanga ukipita hapo hutawanyika: herufi huwa na kivuli, taa za magari usiku hutoa michirizi. Miwani hunyoosha kasoro iliyo na mpangilio. Uso uliopinda ovyo huishinda. Na maadamu konea bado inachongoka, namba ya leo haitadumu.

Kinachofichua haya ni ramani ya konea, inayochorwa kwa mashine. Tuseme ramani ya kwanza ya kijana huyu ilionyesha mchongoko wa daiopta 49, ilhali konea ya kawaida huwa karibu 43. Miezi sita baadaye imefika 51, na unene umebaki mikroni 450. Ugonjwa unasonga, na hapa kungoja ni kosa.

Tiba ya kuuzuia ni kuimarisha konea, njia iliyobuniwa Dresden, Ujerumani. Jicho hutiwa ganzi ya matone, utando wa juu ukakwanguliwa. Kisha hudondoshewa riboflavini, yaani vitamini B2, kwa nusu saa, na kumulikwa miali ya urujuanimno kwa nusu saa nyingine. Nyuzi za konea hushikana na kukaza. Utaratibu huu wa asili hutaka konea ibaki na mikroni 400 hivi baada ya kukwanguliwa, ili miali isidhuru chembe za ndani. Utando unaoondolewa ni kama mikroni 50, kwa hiyo kijana wetu yuko ukingoni. Atapata maumivu siku chache na ukungu wiki kadhaa. Familia ielezwe mapema kwamba lengo ni kusimamisha ugonjwa. Miwani au lenzi huenda bado zikahitajika.

Uoni hurudishwa na lenzi ngumu inayovaliwa juu ya jicho. Haifuati umbo la konea. Machozi hujaza mabonde yaliyo chini yake, na mwanga hukutana na uso laini. Asiyeivumilia hupewa lenzi kubwa inayoegemea weupe wa jicho. Lenzi haizuii ugonjwa, na isioshwe kwa maji ya bomba, kwani yanaweza kubeba vimelea vinavyoitafuna konea. Kupandikiza konea ni kwa wale ambao makovu yameshaziba njia ya mwanga.

Mzio nao utibiwe kwa matone ya daktari. Kufikicha kukiendelea, hata konea iliyoimarishwa inaweza kuanza kuchongoka tena.